Safari ya kitufe cha "Badili siku"

Mwezi Mei 2007, katika vituo vitatu vya afya nchini Kenya, watafiti walianza kuwatumia wagonjwa walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU ujumbe mfupi wa simu mara moja kwa wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48. Kama yuko salama aandike "Sawa", na kama kuna linalomsumbua aandike "Shida". Aliyejibu shida alipigiwa simu na mhudumu wa afya, na aliyekaa kimya alipigiwa pia. Utafiti huo, uliopewa jina la WelTel, ulichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet. Wagonjwa walikuwa 538, nusu wakipokea ujumbe na nusu wakihudumiwa kama kawaida. Katika kundi lililopokea ujumbe, asilimia 62 waliripoti kumeza dawa ipasavyo. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 50.

Ninauthamini utafiti huu kwa sababu ya jibu lake la pili. "Shida" lilikuwa rahisi kuandika sawasawa na "Sawa", na aliyeliandika alipigiwa simu bila kukaripiwa. Hapo ndipo palipo na kiini cha arifa zenye vitufe tunazozipata leo kwenye simu janja, zile zinazotukumbusha miadi ya daktari, ya fundi au ya ofisi, na kutuuliza hapo hapo kama tutafika au tunataka siku nyingine. Kitufe cha kukubali hakimsumbui mtu kukitengeneza. Kazi iko kwenye kile cha pili, na wengi wanaotengeneza arifa hizi hukifanya cha pili kweli kweli, kwa maana ya kukipuuza.

Vitufe ndani ya arifa vilifika kwenye simu za Android mwaka 2012, katika toleo la 4.1, pamoja na uwezo wa kuonyesha picha kubwa chini ya maandishi. Aifoni zilipata vitufe mwaka 2014, na picha mwaka 2016. Android huruhusu vitufe visivyozidi vitatu. Kwenye aifoni vitufe havionekani mpaka ubonyeze arifa na kuishikilia kidogo, na hili ni jambo ambalo watu wengi wenye simu hizo hawajawahi kuambiwa. Kwenye Android pia, arifa ikiwa imekunjwa, inabidi uivute chini au uguse mshale wake mdogo ndipo vitufe vijitokeze.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Kliniki ya meno mjini Tanga ina programu yake ya simu. Mama mmoja amepangiwa kuzibwa jino siku ya Alhamisi, tarehe 12 Machi 2026, saa tatu na nusu asubuhi. Jumatatu jioni simu yake inalia na arifa inatokea: "Kliniki ya meno: Alhamisi 12 Machi, saa 3:30 asubuhi. Utafika?" Chini yake kuna vitufe viwili, "Nitafika" na "Badili siku".

Hata kabla ya kitufe kuguswa, kuna mahali pa kukosea. Kompyuta ya kliniki imehifadhi muda huo kama 09:30. Mtengeneza programu asiye makini atauchukua ulivyo na kuandika "saa 9:30", na mama wa Tanga atakuja saa tisa na nusu alasiri, wakati kiti chake kilipotea tangu asubuhi. Ni lazima programu ihesabu saa za Kiswahili yenyewe, iongeze neno asubuhi, mchana au jioni, na mtu aisome kwa jicho kabla haijaanza kutumika. Kosa jingine la maandishi ni kuandika "Ghairi" kwenye kitufe. Je, kinaghairi miadi, au kinaondoa tu arifa kwenye skrini? Mtu aliyezoea kuona neno hilo kila mahali kwenye simu atalibonyeza ili arifa imwondokee machoni, kumbe ameshafuta nafasi yake kwa daktari. "Nitafika" na "Badili siku" hazina utata huo, na ni fupi kiasi cha kukaa kwenye skrini ndogo bila kukatwa.

Sasa arifa inafikaje? Kliniki haiongei na simu moja kwa moja. Seva yake huupeleka ujumbe kwa huduma ya Google iitwayo FCM, au ya Apple iitwayo APNs, na huduma hiyo ndiyo yenye njia iliyo wazi muda wote kati yake na simu. Programu zote zilizomo ndani ya simu hutumia njia hiyo hiyo moja, ndiyo maana betri haiishi upesi. Mzigo unaoruhusiwa kupita ni mdogo, baiti 4,096 tu kwa mara moja, kiasi cha ukurasa mmoja au miwili ya maandishi. Kwa hiyo picha haimo ndani ya arifa. Kinachosafiri ni anwani ya picha. Mzigo wenyewe unaweza kuonekana hivi:

```json
{
  "miadi": "48213",
  "toleo": "1",
  "muda": "2026-03-12T09:30:00+03:00",
  "picha": "https://example.com/lango.jpg"
}
```

Simu ikishapokea hayo ndipo huenda yenyewe kuichukua picha kwenye mtandao. Kwenye Android, picha inayopitia FCM haitakiwi kuzidi megabaiti moja. Kwenye aifoni, programu hupewa kama sekunde 30 kuichukua na kuibandika. Zikipita kabla kazi haijaisha, mtu huonyeshwa maandishi peke yake. Kwa mtu aliye kwenye basi kati ya Tanga na Muheza, mtandao ukija na kukatika, picha nzito haitafika. Basi picha iwe nyepesi, kilobaiti mia moja zinatosha kabisa, na jambo lolote la lazima lisiandikwe ndani ya picha peke yake. Nimeona arifa ambazo tarehe na saa zilichorwa kwenye bango la rangi, na maandishi ya chini yakasema tu "Tunakukaribisha". Picha isipofika, mtu hana habari yoyote. Asiyeona, anayesomewa skrini na simu yake, anaweza kukosa habari hata picha ikifika, maana simu husoma maandishi, na yaliyochorwa haiyasomi kwa uhakika.

Picha gani basi inafaa? Kliniki nyingi huweka nembo yao, au daktari anayetabasamu. Kwa miji yetu ambako nyumba nyingi hazijulikani kwa namba, na mtu huelekezwa kwa duka, msikiti au mti, picha yenye thamani ni ya lango. Ipigwe mchana, kutoka upande ambao watu hutokea wanaposhuka daladala, na kibao kionekane. Tena si lazima iende Jumatatu. Jumatatu swali ni kama utafika, na picha ya lango haisaidii kulijibu. Iende na arifa ya pili, asubuhi ya Alhamisi yenyewe, wakati mtu anatoka nyumbani.

Mama amesoma, amebonyeza "Nitafika". Anaona kama jambo limekwisha pale pale. Kumbe ndiyo kwanza linaanza.

Kwenye Android, kitufe kinapobonyezwa, mfumo wa simu huiamsha programu ya kliniki kwa muda mfupi, bila kuifungua kwenye skrini. Programu iliyoamshwa hivyo ina takribani sekunde kumi kumaliza inachofanya, la sivyo mfumo unaweza kuisimamisha. Sekunde kumi zinatosha kabisa kama mtandao ni mzuri. Mtandao ukiwa dhaifu hazitoshi, na hapo jibu la mama hupotea njiani bila yeye wala kliniki kujua. Njia salama ni kwamba programu isijaribu kulipeleka jibu papo hapo. Iliandike kwanza ndani ya simu, kisha iikabidhi kazi ya kutuma kwa sehemu ya mfumo iitwayo `WorkManager`, ambayo husubiri mtandao urudi, hata kama simu imezimwa na kuwashwa katikati, na ikishindwa hujaribu tena.

Kisha kuna jambo dogo ambalo watengenezaji wengi hulisahau. Arifa haiondoki yenyewe mtu anapobonyeza kitufe chake. Ukigusa arifa yenyewe inaweza kuondoka, lakini ukigusa kitufe hubaki pale pale mpaka programu iiondoe au iibadilishe. Ikisahauliwa, mama hubonyeza, haoni mabadiliko, hubonyeza tena, na tena. Kwa hiyo mambo mawili yanahitajika pamoja. Simu ibadilishe maandishi papo hapo yawe "Jibu lako linatumwa", na baadaye, seva ikishajibu, yawe "Kliniki imepokea. Tutaonana Alhamisi". Na seva nayo, ikipokea "nitafika" tatu za miadi namba 48213, iziandike kama moja.

Tofauti kati ya "linatumwa" na "imepokea" naishikilia sana. Programu nyingi huonyesha alama ya tiki mara tu kidole kinapogusa, kwa sababu inapendeza. Matokeo yake ni mazungumzo ambayo wahudumu wa mapokezi wanayajua vizuri:

"Shikamoo mama. Napiga kutoka kliniki ya meno, tulikuwa tunakuulizia kama utafika kesho."

"Marahaba mwanangu. Mbona nilishabonyeza toka juzi? Kwangu hapa pana tiki."

"Kwetu haijafika, mama. Basi nakuandika sasa hivi."

Mama ameshaambiwa uongo na simu yake. Safari ijayo hatabonyeza tena, atapiga simu, na mtambo wote uliojengwa kwa ajili yake umepoteza kazi.

Lipo kosa baya kuliko hilo, na linahitaji maelezo kidogo. Tuseme mama huyo ana mtoto ambaye naye ana miadi kliniki hapo hapo, Jumamosi. Namba ya miadi ya mama ni 48213, ya mtoto ni 48220. Arifa mbili zimekaa kwenye skrini, moja juu ya nyingine, kila moja na kitufe chake cha "Nitafika". Mama anabonyeza cha kwake. Kwenye daftari la kliniki inaandikwa kwamba mtoto atafika.

Inatokeaje? Programu ya Android inapoweka kitufe, hukabidhi kwa mfumo agizo lililofungwa, liitwalo `PendingIntent`, lenye maana ya "kitufe hiki kikiguswa, fanya hivi, na chukua namba hii ya miadi". Mfumo huyatunza maagizo hayo, na kila likija jipya huangalia kama analo la namna hiyo tayari. Katika kulinganisha, hauangalii mzigo uliomo ndani. Huangalia lengo la agizo na namba ya utambulisho ambayo mtengenezaji ameiweka. Wengi huweka sifuri kila mara, kwa sababu mifano ya kujifunzia huandikwa hivyo. Basi agizo la mtoto linapokuja, mfumo huona ni lile lile la mama, na kama programu imesema "ukilikuta, lisasishe", huichukua namba 48220 na kuiweka badala ya 48213. Kuanzia hapo vitufe vyote viwili vinamthibitisha mtoto. Hata vitufe viwili vya arifa moja vinaweza kuchanganyika namna hiyo, "Badili siku" kikafanya kazi ya "Nitafika", endapo vyote vimepewa lengo moja na namba moja.

Dawa yake ni mstari mmoja: namba ya miadi itumike pia kama utambulisho wa agizo, na kila aina ya kitufe iwe na jina lake la kitendo.

```kotlin
nia.action = "NITAFIKA"
PendingIntent.getBroadcast(
    muktadha, 48213, nia,
    PendingIntent.FLAG_UPDATE_CURRENT or
    PendingIntent.FLAG_IMMUTABLE)
```

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani wakati wa majaribio ya kawaida. Anayejaribu hutuma arifa moja, hubonyeza, huona imeandikwa sawa, huridhika. Ili ulione ni lazima utume arifa mbili za miadi tofauti kwa simu moja, ubonyeze ile ya zamani, kisha uende kwenye daftari uangalie ni namba gani imeandikwa. Kliniki inayonunua programu kutoka kwa fundi ina haki ya kudai jaribio hilo lifanywe mbele yake. Halihitaji utaalamu, na linachukua dakika chache.

Sasa tuje kwenye "Badili siku". Kitufe hiki kina ugumu wa asili: kinajua kwamba mtu hataki Alhamisi, lakini hakijui anataka lini. Njia ya kivivu ni kumpeleka kwenye programu, ambako anaombwa neno la siri alilokwisha kulisahau, na wengi huishia hapo. Njia ya kivivu zaidi ni kuandika "amekataa" na kumwacha. Njia yenye adabu ni kuibadilisha arifa ile ile, pale pale, iwe na swali jipya: "Tuna nafasi hizi asubuhi. Ipi inakufaa?" na vitufe vitatu: "Ijumaa saa 4", "Jumatatu saa 3" na "Siku nyingine".

Kitufe cha tatu si pambo. Tarehe 12 Machi 2026 inaangukia ndani ya Ramadhani, na Tanga ni mji ambao watu wengi hawatapenda kuzibwa jino, pamoja na maji ya kusukutua na dawa ya ganzi mdomoni, wakiwa wamefunga. Mama wetu anataka baada ya Idi. Ijumaa ya tarehe 13 na Jumatatu ya tarehe 16 hazimsaidii. Akiwa na vitufe viwili tu, atachagua asichokitaka au ataacha. "Siku nyingine" ndiyo inayofaa kufungua kalenda nzima ndani ya programu, au, kwa kliniki ndogo, kuliweka jina lake kwenye orodha ya watu wa kupigiwa simu leo. Hiyo ya pili mimi naipenda zaidi. Ndiyo simu iliyokuwa ikifuata neno "Shida" kwenye utafiti wa Kenya, na mtu wa mapokezi atamuuliza kwa dakika moja kile ambacho kalenda ingemchukua kumi.

Nafasi zinazoonyeshwa zina tatizo lao. Ijumaa saa nne iko moja, na huenda watu watano wameionyeshwa kwa wakati mmoja. Mama akibonyeza baada ya saa mbili, ikiwa mwingine ameshaichukua, seva ni lazima iseme kweli: "Nafasi hiyo imechukuliwa, hizi ndizo zilizobaki". Unaweza pia kumshikia mtu nafasi kwa dakika kumi baada ya kumwonyesha, kama wafanyavyo wauza tiketi, lakini watu hubonyeza arifa wakipata nafasi, pengine usiku baada ya watoto kulala, na kliniki haiwezi kuzishikilia nafasi zake mchana kutwa. Na jambo la lazima kuliko yote: miadi ya zamani isifutwe mpaka ile mpya imeandikwa. Nimeshuhudia mfumo uliofuta kwanza na kutafuta baadaye, na mgonjwa akabaki hana Alhamisi wala Ijumaa.

Kubadili siku kuna faida kwa kliniki pia, mradi habari ifike mapema. Arifa ikienda Jumatatu, na mama akahama jioni hiyo, kuna siku mbili nzima za kumwita mtu mwingine aliye kwenye orodha ya wanaosubiri. Ikienda Alhamisi asubuhi, kitufe kile kile kinatoa taarifa tu ya kiti kitakachokaa kitupu. Ndiyo maana arifa ya asubuhi, ile yenye picha ya lango, isibebe "Badili siku" kana kwamba bado kuna muda. Ibebe "Nimechelewa kidogo" na "Sitaweza kuja", ili daktari ajue kama amsubiri au amwingize aliye nje.

Arifa nayo huzeeka. Tuseme Jumanne daktari amepata dharura na kliniki imehamishia miadi ya mama saa tano. Arifa ya Jumatatu bado iko kwenye simu yake, na inasema saa 3:30. Akibonyeza "Nitafika" amekubali kitu ambacho hakipo tena. Kuna kinga mbili. Ya kwanza ni kutuma arifa mpya yenye utambulisho ule ule wa ile ya zamani, ili simu iiweke mahali pake badala ya kuirundika juu yake. Ya pili ni lile neno "toleo" lililomo kwenye mzigo niliouonyesha juu: jibu likirudi na toleo la 1 wakati daftari liko kwenye toleo la 2, seva isilikubali, imwambie mtu kwamba muda umebadilika na imuulize upya. Kinga ya kwanza peke yake haitoshi, kwa sababu simu iliyokuwa haina mtandao bado inayo ile ya zamani.

Na simu iliyozimwa? FCM huweza kuutunza ujumbe kwa muda wa hadi wiki nne, na hiyo ndiyo desturi yake usipoiambia vinginevyo. Mtu aliyekuwa shambani bila umeme anaweza kuwasha simu tarehe 20 Machi na kuulizwa kama atafika tarehe 12. Kila ujumbe wa miadi uwekewe kikomo cha kuishi, na kikomo hicho kiishe kabla ya saa ya miadi yenyewe.

Kwenye meno hakuna siri kubwa, lakini kliniki si za meno tu. Arifa hutokea kwenye skrini iliyofungwa, na simu katika nyumba nyingi hushikwa na zaidi ya mtu mmoja. Picha ya lango lenye kibao cha huduma za VVU, au jina la kitengo cha uzazi, ikitokea mezani mbele ya wageni, imeshatoboa siri. Android na aifoni zote zina namna ya kuficha maandishi mpaka simu ifunguliwe, na kwa kliniki za namna hiyo ni bora arifa iseme "Una miadi Alhamisi" basi, bila picha na bila jina la huduma. Vitufe pia vinaweza kuwekewa sharti la kufungua simu kwanza. Aifoni wana sharti hilo, na Android wanalo tangu toleo la 12 la mwaka 2021. Kwa "Nitafika" sioni haja. Kwa kitufe chochote kinachofuta au kuhamisha miadi, sharti liwepo, kwa sababu mtoto anayechezea simu hubonyeza kila kitu.

Limebaki kundi ambalo haya yote hayalifikii. Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, programu ni lazima iombe ruhusa kabla ya kuonyesha arifa, na wengi hubonyeza hapana bila kusoma. Wapo ambao simu zao huzizima programu za nyuma ili kuokoa betri. Na wapo wenye kitochi, kiswaswadu, simu isiyo na programu kabisa, ambao kwa kliniki nyingi za mikoani ndio wagonjwa wa kila siku. Huduma ya Google ikiijibu seva kwamba ujumbe umepokelewa, maana yake ni kwamba Google wameupokea. Haimaanishi mtu ameuona. Kwa hiyo kimya kiwe na utaratibu wake: arifa ya Jumatatu jioni isipojibiwa hadi Jumanne mchana, seva itume ujumbe mfupi wa kawaida, "Jibu 1 utafika, jibu 2 kubadili siku", na usipojibiwa hadi Jumatano asubuhi, jina liende kwa mhudumu wa mapokezi apige simu. Majibu yote, ya kitufe, ya namba na ya mdomo, yaingie kwenye daftari moja, kwa miadi ile ile, na jibu la mwisho ndilo lishike.

Mwenye kliniki anayetaka kujua kama arifa zake zinafanya kazi asiishie kuangalia ni ngapi zimetumwa. Achukue miadi ya wiki moja na aweke safu tatu kando ya kila moja: alijibu nini, kwa njia gani, na alifika au la. Waliosema watafika na hawakuonekana waulizwe kwa simu, kwa upole, kama kweli walibonyeza hivyo. Hapo ndipo vitufe vilivyochanganyika hujulikana. Na kama katika wiki nzima hakuna hata mmoja aliyebadili siku, asifurahi haraka. Achukue simu yake mwenyewe, ajiandikie miadi, abonyeze "Badili siku", aone inampeleka wapi.